Benchi la Watu Saba: Namna ya Kusoma Idadi ya Watazamaji wa Kila Siku

(Mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya vijana wanaotengeneza video za mapishi, ushonaji na kilimo. Nimeyaandika upya kwa ajili ya waliokosa nafasi, na nimepunguza vichekesho.)

Ndugu zangu, habari za asubuhi. Leo nawaletea wastani unaosogea wa siku saba. Naomba nianze na shangazi yangu, kwa sababu bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia.

Shangazi anapika, mimi nashika kamera. Chaneli yetu ya YouTube ni ya mapishi ya pwani: vitumbua, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka. Tulipoanza, kila siku baada ya swala ya alfajiri simu yangu ilikuwa inaita. "Mwanangu, jana wametutazama wangapi?" Namtajia namba, naye anaiandika kwenye kaunta buku lile lile analoandikia madeni ya maandazi. Namba ikipanda, siku nzima ana furaha. Ikishuka ananiuliza, "Tumewakosea nini watu?"

Na mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa mbaya kuliko yeye. Kila Jumatatu asubuhi naamka, naona tumeporomoka, roho inanienda mbio. Naingia YouTube Studio nabadilisha kava la video. Jumatano naangalia, namba zimeanza kujiinua. Alhamisi juu, Ijumaa juu zaidi. Nikajipongeza: kava jipya limefanya kazi! Nilicheza mchezo huo karibu miezi miwili, kila Jumatatu kava jipya, kila Ijumaa pongezi, na kumbe namba zilikuwa zinafanya kile ambacho zingefanya hata kama ningelala usingizi.

Aliyenifungua macho ni shangazi mwenyewe, wala hakukusudia. Nilimuuliza biashara ya maandazi ikoje wiki hiyo. Akasema, "Leo Jumatatu nimeuza sahani nne, Jumatatu iliyopita tatu na nusu. Naenda vizuri." Nikamuuliza mbona halinganishi na jana. Akanishangaa. "Jana Jumapili. Jumapili na Jumatatu wapi na wapi?"

Sasa nitawaandikia namba ubaoni. Namba hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, lakini umbo lake ndilo umbo la chaneli yetu na nadhani la nyingi zenu. Wiki ya kwanza: Jumatatu 400, Jumanne 380, Jumatano 410, Alhamisi 450, Ijumaa 620, Jumamosi 900, Jumapili 760. Wiki ya pili: Jumatatu 428, Jumanne 366, Jumatano 445, Alhamisi 471, Ijumaa 641, Jumamosi 914, Jumapili 795.

Ukizichora hizi kwenye grafu kama zilivyo, unapata meno ya msumeno. Jumapili 760, kesho yake 428. Zimepotea 332 kwa usiku mmoja! Hapo ndipo mimi nilipokuwa nabadilisha kava. Lakini tazama kwa jicho la muuza maandazi: Jumatatu hii ni 428, Jumatatu iliyopita ilikuwa 400. Tumepanda.

Wastani unaosogea ni ujanja huo huo wa shangazi, ila umewekwa kwenye hesabu. Chukueni picha ya benchi la barazani lenye nafasi saba. Kila nafasi ameketi mtu mmoja, na huyo mtu ni siku moja. Jumlisha walioketi, gawa kwa saba, huo ndio wastani wa leo. Kesho asubuhi anaingia mgeni mpya, na yule aliyetangulia kufika kuliko wote anainuka kumpisha. Jumlisha tena, gawa tena. Benchi halizidi saba wala halipungui.

Wiki ya kwanza jumla yake ni 3,920, kwa hiyo wastani wa Jumapili ile ni 560. Jumatatu ya pili anaingia 428, anatoka 400. Jumla inaongezeka 28, na 28 ukiigawa kwa 7 ni 4. Wastani unakuwa 564. Jumanne anaingia 366, anatoka 380, wamepungua 14, wastani unashuka kwa 2 na kuwa 562. Jumatano unakuwa 567, Alhamisi 570, Ijumaa 573, Jumamosi 575, Jumapili 580. Wekeni mstari huo juu ya ule msumeno. Msumeno unaruka kutoka 366 hadi 914 ndani ya wiki moja, na mstari unapanda taratibu kutoka 560 hadi 580. Chaneli inakua, polepole, na ni Jumanne moja tu iliyorudi nyuma kidogo.

Naomba mkae na jambo moja hapa, maana mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo. Wastani wa siku saba unabadilika leo kwa sababu ya watu wawili tu: aliyeingia na aliyetoka. Wale sita wa katikati hawajafanya lolote. Na kwa kuwa benchi ni la saba, aliyetoka siku zote ni wa jina moja na aliyeingia, Jumatatu kwa Jumatatu, Ijumaa kwa Ijumaa. Ndiyo maana namba ni saba, siyo tano wala kumi. Benchi la saba lina kila siku ya wiki mara moja, hakuna siku iliyopendelewa. Benchi la tano kuna wakati lina Jumamosi na Jumapili zote mbili, na kuna wakati halina hata moja, kwa hiyo litapanda na kushuka hata kama watazamaji wako hawajabadilika kabisa.

Ukitaka mstari uliotulia zaidi, ongeza kwa wiki nzima nzima: 14, 21, 28. YouTube Studio yenyewe ukiifungua inakuonyesha siku 28 zilizopita, na mtu huuliza kwa nini wasiweke mwezi. Nadhani jibu ni hilo, 28 ni wiki nne kamili. Jaribuni 30 kwa namba zetu za wiki ya kwanza, tuseme zinajirudia hivyo hivyo milele, chaneli haipandi wala haishuki. Benchi la 30 ni wiki nne na siku mbili za ziada. Siku hizo mbili zikiwa Jumamosi na Jumapili, wastani ni 578. Zikiwa Jumatatu na Jumanne, wastani ni 549. Tofauti ya 29 kwenye chaneli ambayo haijasogea hata hatua moja! Mtu atakesha anatafuta sababu, na sababu ni kalenda.

Kuhusu kutengeneza, sitakaa sana. Kwenye Excel au Google Sheets weka tarehe safu ya A, idadi safu ya B, vichwa mstari wa kwanza. Kwenye kisanduku C8 andika hivi, kisha uburute kushuka chini:

```
=AVERAGE(B2:B8)
```

Basi. Ila kuna mtego mmoja. Fomula hii inahesabu mistari, haihesabu tarehe. Kama faili lako limeruka siku, tuseme Ijumaa moja haimo, mistari saba inakuwa siku nane, na kuanzia hapo anayeingia na anayetoka si wa jina moja tena mpaka lile pengo lipite. Hakikisha kila tarehe ina mstari wake. Na siku isiyo na data iache wazi, usiandike sifuri. Sifuri maana yake hakuna aliyetazama, na itakuvuta chini. Kisanduku kilicho wazi AVERAGE inakiruka, inagawa kwa sita. Hata hivyo benchi la sita limekosa siku moja ya wiki, kwa hiyo usiliamini kwa wiki hiyo.

Na siku yenyewe ni ipi? Hili lilinisumbua sana. YouTube Studio inahesabu siku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Usiku wa manane wa kule ni saa 5 asubuhi yetu, na wao wakisogeza saa zao mbele majira ya joto, ni saa 4 asubuhi. Video tuliyoiweka Ijumaa saa 3 asubuhi, watu wakaitazama wakati wa chai, kwao ni bado Alhamisi. Wastani wa siku saba haujali sana, maana mtazamaji huyo yumo benchini vyovyote vile. Ila ukikaa kubishana kama Alhamisi ni bora kuliko Ijumaa, kumbuka Alhamisi unayoiona siyo ile uliyoiishi. Pia siku mbili za mwisho huwa hazijakamilika. Ukiziingiza benchini, mstari wako utakuwa na kamkia kanakoshuka kila siku unapoufungua, na kila siku utadhani ndiyo mwanzo wa mwisho.

Sasa tuje kwenye mahali wastani unapodanganya, maana naona wengine mmeshaanza kuupenda mno.

Wiki ya tatu. Jumatatu tumepata 428 kama iliyopita, wastani umebaki 580. Jumanne, mtu mwenye wafuasi wengi anaisambaza video yetu ya vitumbua, na badala ya 366 tunapata 3,866. Ameingia 3,866, ametoka 366, tofauti 3,500, gawa kwa 7: wastani unaruka 500 kwa mpigo, unakuwa 1,080. Jumatano watu wamerudi kawaida, lakini wastani bado uko juu kule kule. Alhamisi juu, Ijumaa juu. Yule mgeni tajiri bado ameketi benchini! Anakaa siku saba kamili, grafu inakuwa kama meza: ukuta, uwanda, kisha Jumanne inayofuata anainuka kwenda zake, na wastani unadondoka 500 siku ambayo hakuna lolote lililotokea.

Mimi nilimtumia grafu ya namna hiyo mfanyabiashara mmoja wa unga aliyetaka kututangazia. Nilimtumia tukiwa juu ya meza. Siyo kwamba nilitaka kumdanganya, nilijua tu wastani unaondoa kelele, basi nikaamini. Wiki mbili baadaye akaniuliza kwa upole, "Kijana, wale watu wamekwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwamba hawakuwahi kuwepo, walikuja Jumanne moja.

Utaujuaje uwanda wa namna hiyo? Kwanza kwa umbo: ukiona grafu imepanda wima, ikakaa sawa, ikashuka wima, pima upana wake. Ukiwa siku saba juu ya benchi la saba, au 28 juu ya benchi la 28, umeona kivuli cha siku moja. Ndiyo maana mimi sichori tena wastani peke yake. Nachora vitone vya kila siku kwa rangi hafifu, na mstari wa wastani juu yake. Kitone kimoja kikiwa mbinguni na vingine sita chini, mtoto mdogo atakuonyesha.

Kuna wanaoshauri kutumia namba ya katikati badala ya wastani: unapanga saba kwa ukubwa unachukua wa nne, kwenye jedwali ni MEDIAN. Ni kweli inavumilia zaidi. Kwa mfano wetu wastani umeruka kutoka 580 hadi 1,080, na namba ya katikati imetoka 471 hadi 641. Lakini oneni, nayo imeruka 170, na hata kabla ya hapo ilikuwa inatuambia 471, namba ya Alhamisi, kana kwamba Jumamosi na Jumapili hazipo. Kwa sisi ambao wikendi ndiyo sokoni, siipendi sana. Ninachofanya ni kuitoa ile video iliyolipuka kwenye jumla, maana Studio inakupa idadi ya kila video, na kuchora mstari wa pili wa chaneli bila yake. Mstari wa pili ukipanda hata kidogo baada ya mlipuko, hapo kweli kuna watu walikuja kwa vitumbua wakabaki kwa samaki. Usipopanda, umepata wageni wa harusi.

Udhaifu wa pili ni kuchelewa. Benchi la saba linaloishia leo, katikati yake ni siku tatu nyuma. Kwa hiyo mstari unakusimulia hali ya siku tatu zilizopita, hata kama umeuandikia tarehe ya leo. Benchi la 28 linachelewa karibu wiki mbili. Ukiwa unasimulia yaliyopita, sogeza: wastani wa Jumatatu mpaka Jumapili uuandike kwenye mstari wa Alhamisi, na kilele kitakaa karibu na mahali kilipotokea. Gharama yake ni kwamba siku tatu za mwisho zinabaki bila mstari, kwa sababu watu wao bado hawajafika. Mwenye pupa hapo ndipo anapoteseka.

Udhaifu wa tatu ni wa hila, na unatoka kwenye wale sita wasiobadilika. Mwaka 1927 mchumi mmoja, Eugen Slutsky, alichukua tarakimu za mwisho za namba zilizotoka kwenye bahati nasibu ya serikali ya Kisovyeti. Hakuna kitu kisicho na mpangilio kama hicho. Akajumlisha kumi kumi kwa kusogea, kama benchi letu. Kilichotoka kilikuwa mawimbi mazuri, yanapanda na kushuka, na aliyaweka kando ya grafu ya kupanda na kushuka kwa biashara Uingereza karne ya 19, yakafanana ajabu. Mawimbi yametoka wapi kwenye bahati nasibu? Yametoka kwenye kujumlisha kwenyewe. Benchi la leo na la jana wanachangia watu sita kati ya saba, kwa hiyo lazima wafanane, na vitu vinavyofanana na jirani yake vikipangwa mstari vinatengeneza vilima.

Kwa hiyo mtu akikwambia "wastani wetu umepanda siku tatu mfululizo", usimpe mkono haraka. Hizo si shahidi tatu. Ni benchi moja lililobadilisha watu watatu. Ukitaka shahidi wa kweli, subiri benchi zima libadilike, siku saba, kisha linganisha. Mimi siku hizi nasoma wastani mara moja kwa wiki, Jumatano, nikiwa nimeishia Jumapili ili zile siku pungufu zisiingie. Shangazi naye ameacha kupiga simu kila alfajiri. Anapiga Jumatano, anaandika namba moja tu. Kama wiki nne mfululizo zote ziko juu ya zile nne zilizotangulia, ndipo tunakaa tunazungumza nini kimebadilika. Wiki moja peke yake haitunyimi usingizi.

Kijana mmoja hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: Ramadhani je? Swali zuri, na nitamalizia nalo, kwa sababu kwa wapishi ndio mwezi wenyewe. Watu wanatafuta kalimati, tambi, sambusa. Wastani wa siku saba hauiondoi Ramadhani, nayo isiondolewe. Benchi la saba linafuta kinachojirudia kila siku saba, basi. Tatizo ni kulinganisha mwaka na mwaka. Mwaka wa mwezi mwandamo ni siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani. Ukilinganisha Machi na Machi, utalia au utacheka bure.

Tunachofanya sisi: tunatupa tarehe na kuhesabu siku za mfungo kutoka ya kwanza. Mfungo wa kumi wa mwaka huu kando ya mfungo wa kumi wa mwaka jana. Lakini 354 ni wiki hamsini na siku nne, kwa hiyo kama mwaka jana mfungo wa kwanza ulikuwa Jumamosi, mwaka huu ni Jumatano au Alhamisi. Ukilinganisha siku kwa siku, umerudia kosa langu la Jumatatu na Jumapili. Hapo wastani wa siku saba unaingia tena: mfungo wa kumi unaulinganisha kwa benchi lake la saba, ambalo lina kila siku ya wiki, na la mwaka jana lina kila siku ya wiki. Ila mabenchi ya mfungo wa kwanza mpaka wa sita bado yana watu wa Shaaban ndani yake, kwa hiyo tunaanza kusoma mfungo wa saba. Shangazi ameacha kurasa sita tupu kwenye kaunta buku kwa ajili yao, na ukurasa wa saba ameshaupigia mstari.